Naomba ushauri: viazi vimo, vipo au viko ghalani?

Wakuu, naandaa zoezi la wanafunzi hapa Mbeya, naomba mnikague.

"Viazi vimo ghalani": ndani ya ghala. "Magunia yapo mlangoni": sehemu mahususi. "Lori liko Makambako": eneo la jumla.

Kinachowapotosha wengi ni kiambishi -ni, maana hakichagui kati ya hizo tatu. Kipimo changu ni kuweka kionyeshi: humu huenda na mo, hapa na po, huku na ko. Ndiyo maana "ufunguo umo mezani" naikata, labda uwe ndani ya droo. Juu ya meza "upo".

Nakwama wakati uliopita: viazi "vilikuwamo" au "vilikuwemo"? Zote nazisikia. Kwenye mtihani mnakubali ipi, na kwa nini?