Nimemtuma Katibu wa Afya akanitolee kopi, na Jumatatu narudi ofisini kwake. Nifanyeje?

Msambazaji Mdogo

Wakuu, habari za jioni. Nina miezi minne kwenye kampuni inayouza vifaa tiba. Alhamisi nilipeleka vitanda 12 vya wagonjwa kwenye hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, safari yangu ya kwanza peke yangu.

Mlinzi akanipeleka mpaka jengo la utawala, akanionyesha mama mmoja amesimama kwenye korido na faili kwapani. Akasema, "Huyu ndiye Katibu." Mimi kichwani nikasikia sekretari. Yule mama akanitajia jina lake, nikaitikia huku natafuta kalamu. Nikampa bahasha, nikamwambia: "Dada, naomba unitolee kopi mbili za hizi, halafu mwambie bosi nimefika." Wala sikumsalimia vizuri. Hakubisha. Aliichukua bahasha, baada ya dakika kumi akanirudishia na kopi zangu, akasema karibu.

Tukaingia kikaoni. Namwona amekaa kulia kwa Mganga Mfawidhi. Bado sikushtuka, nikajua anaandika muhtasari. Nilipopewa nafasi nikawashukuru wajumbe wote "na dada yetu wa mapokezi aliyenisaidia kopi". Kimya. Mganga Mfawidhi akakohoa, akasema, "Huyo ni Katibu wa Afya wa hospitali hii."

Jumatatu narudi kwa ajili ya ukaguzi wa vitanda. Jina lake silikumbuki, najua tu linaanza na N. Neema, Naomi, Nuru, sijui. Naombeni ushauri, usingizi sina.

Mla Dagaa

Hahaha, dada wa mapokezi! Mkuu, umeua.

Kipanga wa Kisauni

Jina ni jambo dogo. Kama una namba yake, fungua M-Pesa, jifanye unatuma mia mbili. Jina litatokea kabla hujathibitisha, unasoma, unaacha. Mimi wateja wangu wote nawapata hivyo.

Mla Dagaa

Na siku ukikuta laini ni ya mtu mwingine? Nilimsalimia fundi wangu wa magari "Bwana Hamisi" miezi miwili kwa sababu ya hiyo mbinu. Hamisi ni shemeji yake aliyemsajilia laini. Yeye anaitwa Deogratius, na alikuwa anaitikia tu.

Msomi wa Kihesa

Kaka, tulia. Kuna jaribio lilifanyika Chuo Kikuu cha Cornell, Gilovich na wenzake walilichapisha mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ambayo waliionea aibu, wakaingizwa kwenye chumba chenye watu. Walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangeijua ile picha ni ya nani. Waliojua walikuwa kama robo tu. Maana yake, unayedhani wote wanakutazama, wenzako wana mambo yao. Nenda Jumatatu kama hakijatokea kitu, wameshasahau.

Mzee wa Faili

Msomi, umesema kweli kuhusu wale wajumbe wengine. Daktari wa meno na mfamasia wameshasahau, au wanacheka kidogo halafu basi. Lakini waliohesabiwa kwenye jaribio lako walikuwa watazamaji. Huyu mama hakuwa mtazamaji, yeye ndiye aliyebeba bahasha. Aliyetumwa hasahau.

Kijana, nimestaafu utumishi serikalini, nimekaa na makatibu wa afya wengi. Kosa lako si la kwanza. Cheo chenyewe kinaponza watu kwa sababu ya hilo neno "katibu". Katibu wa Afya ndiye msimamizi wa utawala wa hospitali: watumishi, likizo, magari, majengo, vikao. Wengi wao wamesomea menejimenti ya mifumo ya afya pale Mzumbe. Kila wiki anakuja mgeni anayempa barua ya kupiga chapa, kwa hiyo ameshazoea, ila kuzoea si kupenda.

Sasa fanya hivi. Jumatatu fika mapema, kabla ya watu wa ukaguzi kukusanyika. Usimwombe radhi mbele yao, maana utamlazimisha akusamehe hadharani, atabasamu kwa heshima na rohoni hujatoka. Nenda mlangoni kwake, bisha hodi, msalimie vizuri, sema kosa lenyewe kwa jina lake, kisha nyamaza. Sentensi mbili zinatosha. Usieleze ulikuwa umechoka na safari, wala kwamba ni kazi mpya. Akisema "haya" pokea hiyo haya, ingia kwenye shughuli za vitanda. Ukiomba radhi mara ya pili na ya tatu, unamgeuza yeye kuwa mlezi wa aibu yako.

Na usimtumie ujumbe wa simu. Maandishi hayana sauti, na yanaweza kusambazwa kwenye kundi la hospitali kabla hujafika.

Mama Wawili Buguruni

Pole mwanangu. Mimi siku ya kwanza kukutana na mama mkwe nilimwambia "Mambo dada", alikuwa amevaa jinzi na anaonekana mdogo kuliko mimi. Mchumba wangu alikanyaga mguu wangu chini ya meza. Mpaka leo mwaka wa tisa, nikipiga simu anapokea: "Mambo dada." Mpelekee zawadi ya kitenge, wanawake tunalainika.

Mzee wa Faili

Mama Wawili, kwa mkwe kitenge sawa, tena ongeza na sukari. Kwa huyu hapana kabisa! Ni mtumishi wa umma, na kijana ana mzigo unaosubiri kukaguliwa. Mzabuni akiingia na kifurushi asubuhi ya ukaguzi, hicho hakiitwi samahani. Kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU hawatauliza kama kilikuwa cha kopi. Utamponza yeye na kampuni yako. Hata soda usimnunulie siku hiyo.

Bi Stuli

Naomba niulize. Mimi ni katibu mahsusi, siku hizi wanatuita waandishi waendesha ofisi. Uzi mzima mnalia kwamba mama wa watu amedhaniwa sekretari kana kwamba amedhaniwa mwizi. Tusi liko wapi?

Msambazaji, soma tena ulichoandika. "Wala sikumsalimia vizuri." Ungekuwa umenikuta mimi kwenye ile korido, mimi ningestahili kurushiwa bahasha bila shikamoo? Na kopi za mgeni si kazi yangu, steshenari ziko nje ya geti, kopi kwa shilingi mia. Ukienda kumwambia "samahani, nilidhani wewe ni sekretari tu", hiyo "tu" ataisikia yeye, na sekretari wa pale aliye mlango wa pili ataisikia pia. Na huyo wa mlango wa pili ndiye anayejua barua yako ya malipo imekaa trei gani.

Msambazaji Mdogo

Bi Stuli, umenichoma lakini sawa. Kweli ile "tu" nilikuwa nimeshaiandika kwenye maneno niliyokuwa nayafanyia mazoezi.

Na la jina je? Nimwulize au nilitafute?

Bi Stuli

Ulisaini karatasi ya mahudhurio ya kikao, siyo? Jina lake liko humo, na cheo chake, pengine na namba ya simu. Piga simu ofisi ya Mganga Mfawidhi saa za kazi, jitambulishe, sema unaandaa hati ya makabidhiano na unaomba jina kamili la Katibu wa Afya ulinakili bila makosa. Si uongo, utalihitaji kweli. Mtu wa ofisini huulizwa hivyo kila siku. Hakikisha herufi, maana kuna Naomi na kuna Noemi.

Msomi wa Kihesa

Au amwulize mwenyewe. Kusahau jina siku ya kwanza ni kawaida. Mtu anapojitaja, wewe uko kwenye kupanga utasema nini, au unatafuta kalamu kama ulivyosema. Halikuingia tangu mwanzo, kwa hiyo si kwamba limetoka.

Mzee wa Faili

Kwa kawaida ningekubali, kuuliza mapema ni bora kuliko kubahatisha miezi sita. Lakini hapa ameshamkosea mara moja. Akienda na makosa mawili mkononi, ni mzigo. Mimi ningelitafuta.

Kipanga wa Kisauni

Au asimtaje jina. "Katibu" inatosha.

Mla Dagaa

Si ndilo neno lililomponza!

Msambazaji Mdogo

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Ijumaa mchana nilipiga simu kama Bi Stuli alivyosema, nikapewa jina. Halikuanza na N. Linaanza na M. Ningeenda na "Mama Neema" wangu sijui ingekuwaje.

Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa pale. Juu ya mlango wake kuna kibao cheusi, maandishi meupe: KATIBU WA AFYA. Alhamisi nilisimama chini yake dakika kumi nzima nasubiri kopi. Nikabisha, nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye faili. Nikasema: "Alhamisi nilikutuma kazi isiyo yako, tena bila hata salamu, na kikaoni nikakutaja kwa nafasi isiyo yako. Naomba radhi." Nikanyamaza. Mzee wa Faili, kule kunyamaza ni kugumu kuliko kusema, miguu ilikuwa inataka kuondoka.

Akafunga faili. Akaniuliza, "Leo una nyaraka ngapi?" Nikasema tatu. "Na kopi?" Nikasema nimetoa mwenyewe. Akasema, "Haya, twende kwenye vitanda." Hakutabasamu, ila hakununa pia. Sijui niisomeje.

Sasa kilichonitatiza. Kamati ya ukaguzi ilikuwa imeshapitisha vitanda vyote kwa macho, wamebaki kusaini. Yeye si mjumbe, alikuja kuangalia tu nafasi ya kuviweka. Akainama, akabana breki ya gurudumu kwa mguu, akasukuma kitanda. Kikaenda. Akajaribu vyote 12 kimoja kimoja, watu wamesimama. Viwili breki hazishiki. Kamati ikasaini 10, viwili nimerudi navyo kwenye gari. Bosi wangu anasema mama amelipiza kisasi. Nyie mnaonaje, bado ana kinyongo?

Mama Wawili Buguruni

Kinyongo hicho. Ungepeleka kitenge.

Kipanga wa Kisauni

Mimi naona amekusamehe, kama angetaka kukukomoa angeandika barua.

Mzee wa Faili

Vile viwili, ukibana breki na kusukuma wewe mwenyewe, vinasimama au vinakwenda?

Msambazaji Mdogo

Vinakwenda.

Mzee wa Faili

Basi badilisha magurudumu, na ukivirudisha anza kusalimia kuanzia kwa mlinzi.