Likizo za wauguzi 6 katika zahanati ya saa 24: siku 28 mfululizo, nusu mbili, au muuguzi wa muda?

MfawidhiMpya
Ndugu wanajukwaa, nimekabidhiwa zahanati ya binafsi hapa Tanzania ambayo haifungwi usiku wala mchana. Tuna matabibu 2, wauguzi 6 na mtaalamu 1 wa maabara. Kiwango chetu cha chini ni wauguzi 2 asubuhi, 1 jioni na 1 usiku. Kila zamu ni ya saa 8, na kila muuguzi hufanya zamu 5 kwa wiki. Mwaka jana likizo zilipangwa kwa mdomo. Ilipofika Desemba wauguzi watatu walikuwa bado hawajaenda, wakaondoka karibu pamoja, na usiku mmoja tabibu alizalisha akiwa peke yake.

Nalinganisha njia tatu: kila mtu achukue siku zake 28 kwa mkupuo, azigawe mara mbili, siku 14 kila safari, au tumwite muuguzi wa muda kila mmoja anapoondoka. Ni ipi inayolinda kiwango cha chini?

Tabibu_wa_Ziwa
Gawa mara mbili, bila shaka. Mtu akiondoka kwa wiki mbili tu, pengo linakuwa nusu ya lile la mwezi mzima, na wenzake wanalimudu. Sisi tumefanya hivyo kwa miaka mingi na hakuna aliyelalamika.

BibiRosta
Mwanangu Tabibu, umegusa nusu ya jambo. Nimepanga rosta za wodi kwa muda mrefu hadi kustaafu, na kosa hili nimelikuta mara nyingi, kwa hiyo naomba tuhesabu kabla ya kuchagua.

Zamu za lazima ni 4 kwa siku, yaani 28 kwa wiki. Wauguzi 6 wakiwapo wote wanatoa zamu 30, hivyo ziada ni 2 tu. Akiondoka mmoja, zinabaki 25 na pungufu ni 3 kila wiki. Likizo za watu 6, wiki 4 kila mmoja, zinajaza wiki 24 za mwaka, hata kama hakuna wawili watakaoondoka pamoja. Wiki 24 mara 3 ni zamu 72 zisizo na mtu. Sasa gawa likizo mara mbili, mara nne, au upendavyo: wiki za kutokuwapo mtu zinabaki 24 na zamu zisizo na mtu zinabaki 72. Kugawa kunabadilisha umbo la uchovu, kwa kuwa wiki mbili za kushikiliana zamu zinavumilika kuliko nne, lakini hakupunguzi pengo hata kwa zamu moja. Zile zamu 2 za ziada katika wiki ambazo wote wapo hazikusaidii pia, kwa sababu zamu ya Machi haiwekwi stoo ikatumika Septemba.

Kwa hiyo, Mfawidhi, kalenda peke yake haitakuokoa. Inazuia wawili wasiondoke pamoja, jambo ambalo ni la lazima kwako, maana wakikosekana wawili zinabaki zamu 20 na pungufu ni 8 kwa wiki. Lakini zile 72 lazima zipate mtu wa kuzifanya au zipunguzwe.

DadaWaNakuru
Mbona mnahesabu wiki nne kamili? Likizo ni siku 21 za kazi, na sheria inaruhusu kuigawa mfanyakazi akikubali, mradi sehemu moja isipungue wiki mbili za kazi mfululizo. Kliniki yetu inafuata hivyo.

Karani_wa_Ajira
Dada, hiyo ni sheria ya Kenya ya mwaka 2007. Mwuliza swali yuko Tanzania, ambako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja siku 28 mfululizo, zikiwemo sikukuu zinazoangukia ndani yake. Neno «mfululizo» ndilo linalonifanya nisite juu ya ushauri wa kugawa. Wapo wanaosema kwamba mfanyakazi akiomba mwenyewe kwa maandishi hakuna tatizo. Mimi nisingeufanya uwe utaratibu wa zahanati nzima.

Mfawidhi aangalie pia kwamba mwajiri ndiye anayepanga tarehe, lakini likizo isicheleweshwe zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko wa miezi 12 kwisha, au miezi 12 iwapo mfanyakazi amekubali na mahitaji ya kazi yanahalalisha. Wale watatu wa Desemba hawakuwa na kosa.

Tabibu_wa_Ziwa
Nimekubali hesabu ya Bibi. Hata hivyo nasisitiza kwamba wiki ya tatu ndiyo inayovunja watu, nami nimeiona.

MkungaMmoja
Kwetu hesabu zote zilikuwa sawa, kisha mwenzetu mmoja akaanza likizo ya uzazi ya siku 84 wakati rosta ya likizo ilikuwa imeshabandikwa ukutani. Tulibadilishana zamu kwa simu hadi ikawa hakuna anayejua nani yuko kazini kesho. Mfawidhi, je, kuna mjamzito katika hao sita?

MfawidhiMpya
Yupo mmoja, anatarajia kujifungua Agosti. Nilikuwa sijamweka kwenye hesabu. Bibi, hizo zamu 72 zinapunguzwaje?

BibiRosta
Anza na hiyo asubuhi ya watu 2. Wa pili anafanya nini Jumamosi na Jumapili?

MfawidhiMpya
Kliniki ya wajawazito na chanjo za watoto ni Jumatatu hadi Ijumaa. Mwisho wa wiki anasaidia tu.

BibiRosta
Basi, kama daftari la wagonjwa linathibitisha hivyo, wiki yako inahitaji zamu 26, si 28. Mmoja akiwa likizo unapungukiwa zamu 1 kwa wiki, yaani 24 kwa mwaka badala ya 72. Zamu 24 unaweza kumpa muuguzi mmoja wa muda, yuleyule kila mara, anayejua kabati la dawa za dharura liko wapi. Hakikisha leseni yake kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai. Kwa siku 84 za uzazi usimwite kwa zamu moja moja. Mpe mkataba wa muda huo wote, na likizo za wengine zisianguke humo.

Usipange pia likizo katika majuma ya mvua za masika na yale yanayofuata, ambapo malaria huongezeka. Desemba iende kwa zamu ya mwaka kwa mwaka, na orodha ya aliyeipata ihifadhiwe.

Ukitaka kujua mapema kama mpango unavunjika, tafuta kwenye rosta mtu aliyemaliza jioni saa 5 usiku na kurudi saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 8 tu za kupumzika, wakati sheria inataka 12. Rosta huanza kuonyesha jozi hizo kabla zamu yoyote haijakosa mtu.

Karani_wa_Ajira
Bibi amesahau matabibu. Wako 2 tu, hivyo mmoja akienda likizo, mwenzake anabaki peke yake kwa siku 28. Huyo hawezi kushika kila siku, hata ukimlipa.

MfawidhiMpya
Kwa tabibu, mwenye zahanati amekubali kumlipa wa muda. Kwa wauguzi nitafuata siku 28 mfululizo, mmoja mmoja, pamoja na mwisho wa wiki wa zamu 3 kwa siku, ila kwanza nitapitia daftari la miezi mitatu. Linalonishinda ni maabara. Yule ni mmoja, na kipimo cha haraka cha malaria wauguzi wanakiweza, lakini wingi wa damu na mkojo hapana.

MkungaMmoja
Sisi tulikubaliana na zahanati jirani: mtaalamu wao alipokea sampuli zetu saa 4 na saa 8, nasi tukawafanyia hivyohivyo wa kwao alipoondoka. Wajawazito walilalamika kusubiri majibu.

Tabibu_wa_Ziwa
Na wa usiku?

MkungaMmoja
Wa usiku tuliwapa rufaa.