Tupeane uzoefu: Shikamoo ukiipeleka kwa Kiingereza, heshima inabaki wapi?

Mama Zuhura, Umoja
Leo kwenye matatu mtoto wa shule kampisha mzee kiti: "Shikamoo babu." Mzee akaitikia "Marahaba mwanangu" mpaka konda akageuka. Hapa Nairobi siku nzima ni "sasa" na "niaje", neno lile lilinigusa. Nikawaza, mzee angekuwa hajui Kiswahili, mtoto yule angesemaje? Aliyewahi kukwama hapo atueleze.

Kijana wa Buru
Nimekwama mara nyingi. Nafuatilia.

Binti Kariokor
Umenikumbusha siku ya posa ya dada yangu. Mkwe mtarajiwa alikuja na babake, Mwingereza mwenye mvi kichwa kizima. Bibi yetu, mzaliwa wa Lamu, ana miaka 81, alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mkalimani ni mimi.

Mpwa wangu wa miaka 9 akamwendea yule mzee, akanyoosha mkono: "Hawayu!" Bibi akanivuta ushungi: "Mbona kamsalimu babu wa watu kama mwenziwe?" Nikaona aibu, nikamnong'oneza mtoto aamkie vizuri. Akasema, "Shikamoo." Yule mzee, kwa moyo mweupe, akamrudishia: "Shikamoo!" Jamani, mtu mzima kumwamkia mtoto! Bibi akashika kidevu. Kisha mgeni akamgeukia bibi mwenyewe, akamsalimu "Jambo" na kumtaja kwa jina tupu, bila "Bi" mbele. Bibi hakuitikia. Chai ya tangawizi ikapoa hivi hivi tunaiangalia.

Mjomba ndiye aliyeokoa. Alimweleza mgeni kwamba neno lile hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na mkubwa hujibu marahaba tu. Mgeni akainuka, akasogea mbele ya kiti cha bibi, akasema, "Shikamoo, Bibi." Bibi akampa mkono: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Hapo ndipo maneno ya posa yalipoanza. Lakini mpaka leo sijui mpwa wangu angemwambia nini yule mzee kwa Kiingereza.

Mama Zuhura, Umoja
Subhanallah. Nimeisoma mara mbili.

Otieno wa Kayole
Mbona mnahangaika? Shikamoo ni neno la watumwa, kushika miguu ya bwana. Tuliache.

Mwalimu Hamisi
Otieno, miguu ni kweli: asili yake ni "nashika miguu yako". Lakini Waswahili huru wanawaamkia mama zao hivyo kila asubuhi, hakuna anayemtumikia mwenziwe.

Otieno wa Kayole
Asili ni asili, Mwalimu. Mimi silitamki.

Wambo
Konda kaniamkia shikamoo na mimi nina miaka 34. Nilikasirika hadi nikashuka kabla ya kituo changu. Mtu aangalie uso kwanza!

Mwalimu Hamisi
Nirudi kwa Binti. Nimefanya ukalimani miaka mingi, na kosa la yule mzee lina sababu. Salamu ya Kiingereza hurudi kama ilivyokwenda: "hawayu" hujibiwa na kurudishiwa "hawayu". Kwa hiyo akarudisha shikamoo vivyo hivyo. Ukubwa na udogo kwao haukai ndani ya salamu, unakaa katika jina. Mtoto aseme, "Gudi moning, Mista" na jina la ukoo, naye mzee ajibu, "Gudi moning" na jina la kwanza la mtoto. Hapo pengo la umri limesikika. Angalieni, ni jina la ukoo. Sisi huku tunasema "Misisi Meri", na kwao Misisi haliambatani na Meri.

Kijana wa Buru
Mimi naweka "sa" kila mahali na sijafukuzwa.

Mwalimu Hamisi
Kusini mwa Marekani watoto hulelewa na "sa" na "madamu", utapendeza. Uingereza ukilirudiarudia kwa baba mkwe utasikika kama mwenye duka na mteja wake.

Binti Kariokor
Na akisema nimwite kwa jina la kwanza? Ulimi wangu unakataa.

Mwalimu Hamisi
Mwite. Ukimkatalia, ataona unamweka mbali. Heshima ihamishie kwingine: inuka akiingia, muulize hali kabla ya shida yako, na ukiomba kitu usiseme "nataka", sema "ningeomba, kama inawezekana". Kiingereza nacho kina namna hiyo ya kulainisha.

Wambo
Mimi jina la kwanza la mzee sitaji hata nikiombwa. Nitamwita Mzee, ajifunze.

Mama Zuhura, Umoja
Wambo, hapo tuko pamoja. Lakini Mwalimu, kwa simu je? Haoni kwamba nimeinuka.

Mwalimu Hamisi
Msalimu, jitaje wewe ni nani, halafu muulize kama ana nafasi ya kuzungumza. Akimaliza yake, mwache yeye akate kwanza.