MREJESHO: Barua pepe kwa mtakwimu wa afya

Niliuliza: "Nina data ya hemoglobini ya wajawazito. Nimwandikie nini mtakwimu kabla ya kikao cha kwanza?"

Wakuu, asanteni. Faili lenyewe sikutuma, nilituma maelezo tu. Kiini chake ni hiki:

"Kila mstari ni hudhurio moja la kliniki, si mama mmoja. Akina mama ni 412, mistari 1,130, vituo 6. Swali: je, waliomeza vidonge vya madini ya chuma angalau siku 5 kwa wiki walikuwa na hemoglobini ya juu zaidi wiki ya 36, ukizingatia kiwango chao cha mwanzo? `hb` ni gramu kwa desilita. 99 maana yake hakupimwa. Idadi ya vidonge ni kwa kauli ya mama mwenyewe."

Amejibu haraka kuliko nilivyotarajia. Sentensi ya kwanza ndiyo aliyoing'ang'ania: vipimo vya mama mmoja hufanana, na ukivihesabu kama watu tofauti, matokeo yataonekana ya uhakika kuliko yalivyo. Kwa hiyo anapendekeza modeli mseto inayomtambua kila mama.

Kisha kauliza jambo ambalo hapa halikugusiwa: wasio na kipimo cha wiki ya 36 wako wapi? Upungufu wa damu huendana na kujifungua mapema, hivyo waliobaki huenda ndio wenye damu nzuri. Sasa natafuta tarehe za kujifungua kwenye rejesta za wodi ya wazazi. Kikao ni baada ya hapo.