Saruji mbili: A ya bei rahisi au B ya bei ghali?

Nyakato
Wakuu, naomba msaada wenu. Nalinganisha kampuni mbili za saruji, nitaziita A na B. Tarakimu nimezikadiria kwa mabilioni ya shilingi ili hesabu iwe nyepesi. A imepata faida baada ya kodi 20, B imepata 14. Mikopo ya A ni 90, ya B ni 15. Hisa ya A inauzwa mara 6 ya faida yake, ya B mara 11. Nimesoma ukurasa wa faida na hasara tu. Mngechukua ipi?

Mangi_Hisa
A, bila kusita. Faida kubwa kwa bei ndogo. Mkopo usikutishe, kiwanda cha saruji hakijengwi kwa akiba. Angalia kama faida kabla ya riba na kodi inaifunika riba angalau mara 3. Ikifunika, umemaliza.

Kigoda
Mangi, kipimo chako ni kizuri, lakini kinapima riba peke yake. Deni lina mkopo wenyewe wa kurudisha pia, nao hulipwa kwa fedha iliyopo benki. Faida ya kwenye karatasi haiulipi. Nyakato, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha ya A, utupe fedha kutoka shughuli za uendeshaji, uchakavu, na mabadiliko ya wadaiwa, yaani fedha ambayo wateja hawajalipa, na ya mali ghalani. Kisha nenda kwenye mizania uangalie sehemu ya mkopo inayotakiwa ndani ya miezi 12.

Nyakato
Faida 20, uchakavu 9 umerudishwa. Wadaiwa wameongezeka kwa 13 hadi 37, mali ghalani kwa 10. Imebaki 6. Mitambo imenunuliwa kwa 11, gawio limelipwa 8. Mkopo wa kulipwa ndani ya mwaka ni 38, na benki kuna 7. Mauzo ni 150, mwaka jana yalikuwa 140.

Kigoda
Basi jibu linaanza kuonekana. Uendeshaji umeleta 6, mitambo imekula 11, tayari kuna pengo la 5. Ongeza gawio la 8, pengo linafika 13. Shuka hadi sehemu ya ugharamiaji, nadhani utakuta mkopo mpya. Maana yake wenye hisa wamelipwa gawio kwa fedha ya benki.

Sasa wadaiwa. Mwaka jana walikuwa 24 kwa mauzo ya 140, mwaka huu 37 kwa mauzo ya 150, sivyo? Gawa wadaiwa kwa mauzo, zidisha kwa 365: siku 63 zimekuwa siku 90. Mauzo yamepanda kwa asilimia 7 tu, wadaiwa kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo mtu hujiuliza kama saruji imeuzwa kweli au imesukumwa kwa mawakala kabla mwaka haujafungwa. Na ghala nalo linajaa.

Nyakato
Ndiyo, 24 na 37, na mkopo mpya upo. B uendeshaji umeleta 19, mitambo 6, gawio 9.

Kigoda
B inabakiwa na 4 baada ya yote. Faida yake ya 14 imeingia benki.

BiAsha
Jamani, mimi nina hisa za benki, na mtiririko wa fedha wa mwaka jana ni hasi. Niuze?

Kigoda
Hapana dada, kwa benki kipimo hiki hakifai. Ikikopesha sana fedha inatoka, ikipokea amana inaingia, na hiyo ndiyo kazi yake. Wewe tazama mikopo chechefu, ambayo Benki Kuu ya Tanzania inataka isizidi asilimia 5, na utoshelevu wa mtaji.

Mangi_Hisa
Kigoda, wateja wa A wanaweza kuwa wakandarasi wa miradi ya serikali. Hao huchelewa, lakini hulipa.

Kigoda
Inawezekana, na sina ushahidi wa kukupinga. Kwenye maelezo ya hesabu kuna jedwali la umri wa madeni ya wateja. Kama sehemu kubwa imepita siku 90 na tengo la hasara, yaani kiasi kilichotengwa kwa madeni yasiyolipika, halijapanda, uongozi unaficha maumivu. Humo humo angalia mkopo ni wa sarafu gani. Saruji inauzwa kwa shilingi. Ukiwa wa dola, shilingi ikishuka deni linakua bila kampuni kukopa hata senti. Mkumbuke ARM Cement ya Kenya, iliyojipanua kwa mikopo hadi Tanga. Mwaka 2016 ilipata dola milioni 140 za CDC, shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, na Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi.

Mangi_Hisa
ARM ni mfano mkali mno. Benki ikikubali kuurefusha ule mkopo wa 38, bei ya mara 6 haitakusubiri. Mimi ningenunua kidogo sasa.

Kigoda
Ningesubiri ripoti ya nusu mwaka nione wadaiwa wamepungua au la, hata kama nitanunua kwa mara 8. Na B kwa mara 11 si rahisi pia: ikiwa tanuru lake limezeeka, hiyo 6 ya mitambo haitatosha miaka ijayo.

Nyakato
Jedwali la umri nimelipata: 15 kati ya 37 zimepita siku 90, tengo ni lile lile la mwaka jana. Umri wa tanuru la B sijauona popote. Huandikwa wapi?