Naombeni ushauri: kinena kinauma nikisimama, jioni ndiyo kabisa, na altrasaundi inasema niko sawa

MamaDagaa_Kirumba
Habari za jioni wana jamvi. Nina miaka 36, mama wa watoto wanne, nauza dagaa hapa Mwaloni. Tangu huyu wa mwisho aache kunyonya nina maumivu chini ya kitovu, kushoto zaidi. Hayakati wala hayachomi, yanavuta kwenda chini kama nimefungiwa jiwe. Asubuhi naamka mzima. Nikishasimama kupima mzigo na kushona magunia yanaanza, na jua likizama sitaki hata kuongeleshwa. Nikilala na kuegemeza miguu ukutani yanatulia.

Nimemeza dawa za yutiai, nimemeza za maambukizi ya kizazi, na sindano juu. Altrasaundi imeandika kizazi na ovari ni vya kawaida. Mume wangu kaanza kuniita mvivu. Nipime nini kingine?

Babu wa Sengerema
Binti, hilo ni chango. Mama yako hakukwambia? Tafuta mtu mzima akuchemshie mizizi, hospitali watakumalizia hela bure.

Mchungaji Mtarajiwa
Mlete na mumeo akapime. Mke anatibiwa, mume anamrudishia ugonjwa, kila siku nawaambia watu. Hayo ni maambukizi sugu.

Nesi Nyegezi
Mchungaji, kupima wote wawili ni sawa. Ila maambukizi hayamwachi mtu akilala na kumrudia akisimama.

Mdogo wangu, nijibu mambo matatu. Baada ya tendo la ndoa unaumia? Ulikuwa na mishipa iliyovimba popote wakati wa ujauzito? Na uzazi wa mpango unatumia nini?

MamaDagaa_Kirumba
Asante dada nesi. Nilikuwa nachoma sindano ya miezi mitatu, nikaacha kwa sababu nilikuwa natokwa damu ovyo. Kwa sasa situmii kitu.

Nesi Nyegezi
Umejibu moja. Mawili umeyaruka.

MamaDagaa_Kirumba
Naona aibu dada, humu kuna wanaume. Haya. Mimba ya tatu mishipa ilinivimba ukeni, shavu la kushoto, ikashuka hadi nyuma ya paja. Nilipojifungua ikanywea. Mimba ya nne ikarudi, na mpaka leo ipo. Nikikutana na mume wangu maumivu yanalala na mimi hadi kesho yake. Daktari sikumwambia, alikuwa kijana mdogo kabisa.

Na niseme yote. Kuna mahali wameniambia dawa ni kutoa kizazi, na nimeshatanguliza nusu ya pesa. Msinihukumu. Watoto ninao, kizazi nakiwekea nini tena?

Dereva Usagara
Mimi mwanaume lakini nimeshtuka kusoma. Nilikuwa na mishipa kwenye korodani ya kushoto, nikiendesha lori mpaka Kigoma nashuka natembea upande. Uzito huohuo, jioni ileile, nikilala unaisha. Walinifunga ule mshipa, korodani hawakuigusa. Sijui kama vinahusiana.

Fundi Picha
Vinahusiana sana, kaka. Mimi nafanya kazi chumba cha altrasaundi, siko Mwanza. Mshipa wa damu unaotoka kwenye korodani na ule unaotoka kwenye ovari ni mshipa mmoja kwa asili yake. Wa kushoto unapanda mrefu hadi kwenye mshipa wa figo, ndiyo maana wewe na dada mnaumia kushoto. Ndani una vali za kuzuia damu isirudi chini. Mimba huupanua sana, na baada ya mimba kadhaa vali haziwezi tena kukutana. Ukisimama damu inashuka na kutuama kwenye mishipa inayozunguka kizazi, ukilala inaondoka. Ile ya ukeni na nyuma ya paja ni matawi yake yaliyojitokeza nje.

Sasa dada, angalia neno la Dereva: hawakuitoa korodani. Kwako pia kinachovuja ni mshipa ulio juu ya kizazi. Kizazi kikitoka, mshipa unabaki, na wapo wanawake waliotolewa wakabaki na maumivu yao. Wakikutoa na ovari zote mbili, kwa miaka 36 unaingia ukomo wa hedhi kabla ya wakati.

MamaDagaa_Kirumba
Lakini aliyeniambia ni daktari, kaka, siyo mganga. Na kama tatizo lingekuwa mishipa, altrasaundi si ingeiona?

Jicho la Makongoro
Jamani mnachezewa. Akaunti ya juzi tu. Mwanzo anauliza apime nini, tunageuka kidogo oparesheni imeshalipiwa, halafu kwa bahati dereva mwenye ugonjwa wa kufanana anatokea. Kaeni mkao, namba ya simu ya dawa ya mishipa inakuja.

Dereva Usagara
Mimi niko humu kabla yako, mzee. Korodani nitunge ili nipate nini?

MamaDagaa_Kirumba
Nimelia kuandika yale ya juu. Siuzi dawa, nauza dagaa. Karatasi yangu naiandika ilivyo, nimeisoma kwa msaada wa mwanangu: kipimo kimepitia juu ya tumbo, kibofu kimejaa, kizazi ukubwa wa kawaida, hakuna uvimbe, ovari zote za kawaida, hakuna maji nyuma ya kizazi. Basi.

Jicho la Makongoro
Karatasi yoyote inaandikika.

Fundi Picha
Awe mkweli au asiwe, karatasi hii inajibu swali lake. Amepimwa kwa juu, amelala chali, na mishipa haijatajwa kabisa. Akilala chali inanywea, na aliyepima alikuwa anatafuta uvimbe. Hakukosea kuandika kawaida.

Kipimo kinachofaa kinapita ukeni, chenye Dopla ya kuonyesha damu inaelekea wapi, akiwa ameinuliwa kifua au amesimama. Anaambiwa ajikamue kama anayesukuma choo. Tukiona mshipa wa ovari umezidi milimita 6, damu inakwenda polepole na inarudi chini anapojikamua, hapo tuna la kusema. Bado siyo hukumu. Wapo wanawake waliozaa wenye mishipa mipana namna hiyo na hawaumwi hata kidogo, kwa hiyo picha lazima ilingane na maelezo yako.

Nesi Nyegezi
Niongeze kuhusu sindano. Homoni iliyomo, medroksiprojesteroni, ilishajaribiwa kwa vidonge kwa maumivu haya. Ilipunguza, ila nafuu haikudumu baada ya kuacha. Wewe ulianza kuumia ukiwa bado unachoma, au ulipoacha?

MamaDagaa_Kirumba
Nikiwaza... nilipoacha ndiyo yalizidi. Ila sirudii ile, damu ilinitesa.

Nesi Nyegezi
Basi mwambie daktari hivyohivyo, zipo homoni za namna nyingine. Njia ya kuziba mshipa ni kupitisha mpira mwembamba shingoni au kwenye kinena na kuacha koili, yaani kiwaya kilichojikunja, ndani ya mshipa, bila kupasua tumbo. Kuziba mishipa kwa njia hiyo kunafanyika Muhimbili. Uliza kama wanaifanya kwa tatizo hili, na gharama yake. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, una homa, au hedhi imekosekana na tumbo linakata ghafla, usisubiri kipimo hiki, nenda siku hiyohiyo.

Babu wa Sengerema
Na chango je?

MamaDagaa_Kirumba
Babu, nitakutafuta. Kaka Fundi, nimepata daktari wa kike, wa magonjwa ya wanawake. Oparesheni nimeomba isogezwe mbele, sijaifuta. Pesa ile ni ya mkopo wa kikundi, sijui kama watanirudishia.

Fundi Picha
Usiifute leo, isubirishe tu. Omba upimwe alasiri baada ya kusimama kazini, usiende asubuhi umetoka kulala. Na kabla hujapanda kitandani, mwambie anayepima habari ya mishipa ya ukeni, kwa mdomo wako, hata kama ni kijana.