Tupeane uzoefu: jamaa anayekuuliza "mtoto yuwapi" mbele ya watu, ulimwambiaje basi?

BintiAmu32
Asalam aleikum. Nimeolewa miaka 5, naishi Mombasa lakini Idd, harusi na hitima zote ni kwetu Amu, Langoni. Nataka tupeane uzoefu, sio wa kuvumilia manake huo sote tunao, nataka wa kumwambia mtu basi na ikawaje baada ya hapo. Naanza mimi.

Idd ndogo ya mwaka juzi, wanawake tuko juu, masinia ya pilau yashatandazwa, shangazi yangu dadake baba akanipitisha mkono tumboni mbele ya watu kama ishirini, "haya na huyu mtoto yuwapi, mwaka wa ngapi huu?" Wiki tatu kabla ya siku ile mimba yangu ya pili ilikuwa imetoka na ajuaye ni mume wangu na mamangu tu. Nikacheka, nikasema mwakani inshallah shangazi. Pale ndipo nilipojiharibia manake nilimpa tarehe. Kutoka siku hiyo kila tukikutana ni "si uliniambia mwakani", harusini, hitimani, mpaka siku za Maulidi nyumba imejaa wageni wa kutoka Pate na Siyu.

Nikamwambia baba. Baba kwa uchungu wake akamkemea dadake palepale kwenye chakula, "mwache mtoto wangu!" Nyumba nzima ikanyamaza. Jioni yake kila mtu anaulizana kwani huyu ana nini mpaka babake akasirike vile, yani jambo lililokuwa la shangazi mmoja likawa la ukoo mzima.

Mara ya tatu ndio nikaenda mwenyewe. Nimeshuka Mokowe nikaingia boti, nikafika nyumbani nikapumzika, halafu baada ya alasiri nikaenda kwake peke yangu, siku kumi kabla ya harusi ya binamu yangu. Nikamwamkia, nikambusu mkono, tukanywa kahawa. Halafu nikamwambia hivi, nayakumbuka manake nilikuwa nimeyarudia njia nzima: "Shangazi, nakupenda na ndio maana nimekuja kwako mwenyewe. Swali la mtoto usiniulize tena mbele ya watu wala tukiwa wawili, likiwa na habari nitakuletea kwa mdomo wangu. Ukiniuliza nitasimama nende jikoni, na haitakuwa hasira." Sikumwambia kuhusu mimba. Akaanza kulia, akasema kwani mimi ni adui? Nikasema la. Sikuongeza neno.

Harusini aliniuliza tena, na zaidi ya kawaida yake. Nikasimama nikaenda jikoni nikasaidia kupakua, nilikaa robo saa kisha nikarudi nikakaa palepale karibu naye nikamuuliza mguu wake unaendeleaje. Usiku akaniuliza mara ya pili, nikasimama tena. Baada ya harusi ile hajaniuliza. Lakini sasa ana jambo jipya nitawaeleza chini, kwanza nisikie nyinyi.

Nahodha_wa_Shela
Na sisi wanaume tunaulizwa jamani. Nina 36 sijaoa. Ami yangu kila tukitoka Ijumaa, pale barazani, wazee wote wamekaa, "wewe utazeekea kwenye mashua?" Siku moja nikamwambia ami nipe wewe mahari na ya ukumbi nioe kesho. Nilidhani nimemziba mdomo. Kumbe mzee kachukulia kweli, wiki ya pili ananiambia ameshaongea na watu Matondoni, binti wao yuko tayari na yeye atatoa nusu. Ilibidi mamangu aende kuomba radhi kwa watu ambao mimi hata siwajui. Kwa hiyo usijibu kwa mzaha, mzee akisikia sharti anajua umekubali, kilichobaki ni kutimiza tu. Bado ananiuliza, mimi sijapata dawa, nasoma hapa.

AbuuTaqwa
Dada yangu BintiAmu nimekuelewa ila kumsimamia shangazi na kumwondokea ni kukata udugu na dini imekataza. Mkubwa akiuliza hujibiwa. Mngemwambia tu ukweli angewaombea.

Daktari_si_mimi
Dada usikate tamaa. Mimi na mke wangu hapa Malindi tulihangaika pia. Ikipita miezi 12 mnajaribu na hakuna kitu muende mkapimwe wote wawili, sio mke peke yake, na ukiwa umepita 35 usingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Na mimba kutoka ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, tuliambiwa katika mimba 100 zinazojulikana kama 10 mpaka 20 hutoka. Mimi nilikataa kupimwa miaka miwili kwa kiburi, tatizo likaonekana liko kwangu.

BintiAmu32
Ahsante kaka na Allah akulipe, hayo tunayo, tuko kliniki. Swali langu lakini sio la matibabu, ni la mdomo wa shangazi.

MamaSomo_Mkomani
Wanangu. Nimekuwa somo wa maharusi miaka mingi hapa Amu na haya huletwa kwangu sana. Kwanza AbuuTaqwa, kukata udugu ni kuacha kwenda, kuacha kumjulia hali, kuacha kumzika. Huyu binti alisimama akaenda jikoni akarudi akakaa palepale akamuuliza mguu. Hapo udugu umekatwa wapi? Na ile hadithi kwamba katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuacha yasiyomhusu, kwani kwa mkubwa haifiki? Heshima ni kumwamkia, kumsikiliza, kumhudumia. Habari ya tumbo la mtu haimo.

Pili, BintiAmu, ulilolifanya vizuri kuliko yote ni kutompa sababu. Wengi huharibu hapo. Akisema "tunangoja tumalize nyumba", shangazi atauliza nyumba imefika wapi. Akisema "daktari katuambia tungoje", ataulizwa daktari yupi na dawa gani, na kesho ataletewa mganga. Kila sababu unayotoa inafungua mlango mwingine. Na vile alivyokuzidishia harusini msishangae, nimeliona mara nyingi. Mtu akizoea kupata jibu miaka yote halafu likakatika, kwanza huongeza nguvu aone kama kweli. Ungemjibu usiku ule mara ya pili, angejua inabidi aulize mara mbili tu.

Ambaye hawezi kwenda mwenyewe, na wako wengi, na amtume somo wake. Somo akienda kwa shangazi mchana, wawili tu, hakuna aibu ya mtoto kumfunza mkubwa. Ila somo aambiwe maneno yenyewe ya kupeleka asiongeze yake. Niliwahi kwenda kusema hivyo kwa mtu nikaongeza "mtoto ana majaribu", ikawa nimetoa siri isiyo yangu, na yule binti hakusema nami mpaka Idd mbili zikapita. Lile kosa langu linaniuma mpaka leo.

Mke_wa_Maweni
Mimi Malindi. Kwangu sio shangazi yangu ni khalati wa mume, na naona hapo ndipo tofauti. Mimi nilijaribu kumwambia mwenyewe kwa adabu zote, wikiendi hiyohiyo mama mkwe wangu kapigiwa simu kuwa mkaza mwana wenu ana kiburi. Baadae mume wangu ndiye aliyekwenda Mambrui kwa khalati yake. Hakusema "mke wangu hapendi", hilo nilimkataza kabisa, manake ndio linalomrudisha mke kuwa mbaya. Alisema "khalati, mimi sipendi, ukiwa na swali la watoto niulize mimi." Na kweli khalati akawa anamuuliza yeye! Kwenye simu kila Ijumaa, na yeye anamjibu "hamna jipya khalati, umekula nini leo?" miezi kama minne hivi, halafu kachoka. Kwa hiyo mimi naona aende mwenye damu. Mke akienda kwa watu wa mume hata akisema vizuri vipi atasikika vibaya.

AbuuTaqwa
Mama Somo nimekuelewa kwenye udugu, narudi nyuma hapo. Ila bado naona ukweli ungemaliza mapema zaidi.

ShangaziMkubwa_Gadeni
Mimi ni shangazi wa namna hiyo, niwaambie na upande wetu. Zama zetu msichana hakuulizwa, mkubwa ndiye aliyejua. Mtoto wa ndugu yako ni wako, asipozaa unafikiri labda mume anamtesa, labda hamlishi, labda amerogwa na hakuna wa kumsemea. Mimi nilikuwa nauliza mbele ya watu kwa sababu ndio siku pekee ninayowaona, mwaka mzima wako Mombasa na Nairobi, simu hawapigi. Sasa mpwa wangu mmoja hapandi tena huku Idd, anatuma pesa tu, na nimeambiwa ni mimi. Hakuna aliyekuja kwangu na kahawa. Ningeambiwa vile alivyosema huyu binti ningelia pia lakini ningeacha.

BintiAmu32
Shangazi nashikamoo. Umenitoa machozi. Labda wewe ndiye wa kunijibu hili lililobaki.

Shangazi yangu hajaniuliza tena, lakini sasa anaomba dua. Idd ya kuchinja iliyopita, wageni wamekaa, yeye katikati, sauti juu, "Yarabi mpe mwanangu huyu mtoto, Yarabi usimwache hivi hivi", na wote wanaitikia amin na wananitazama mimi. Nikisimama wakati wa dua nitaonekana sina imani. Nikikaa ni swali lilelile limevaa kanzu. Niliitikia amin kisha nikamuuliza jirani yangu anipitishie maji, mkono unanitetemeka.

MamaSomo_Mkomani
Dua itikia. Usigombane na dua. Ila mrudie nyumbani kwake kama mara ya kwanza umwambie akuombee kwa siri usiku, ndio inayopokelewa zaidi.

Mke_wa_Maweni
Mama Somo kwa heshima zote hapo nakataa kidogo. Akiitikia amin kila Idd si ndio amekubali? Mimi ningeamka kabla ya dua, nikamlaze mtoto wa mtu au nipeleke vyombo, nikijua wakati wake unafika.

ShangaziMkubwa_Gadeni
Mwanangu, mimi nimeomba dua hizo. Nikuambie kweli, nilipokatazwa kuuliza ndio nilianza. Sikujua kama ni jambo lilelile mpaka nimesoma hapa. Nenda ukamwambie. Usimtume mtu, na usingoje Ramadhani, nenda sasa hivi akiwa peke yake. Na mguu wake umwulizie kwanza.

BintiAmu32
Nimekata tikiti ya basi ya Alhamisi.

Nahodha_wa_Shela
Ukifika Mokowe nitumie meseji hapa, nikiwa jeti nitakuvusha. Na mimi Ijumaa nakwenda kwa ami nyumbani, sio barazani. Sijui nitaanzaje.